Asaimenti ya kununua, Turnitin inasema asilimia 4 tu. Chuo kimejuaje?

#1 Dada_wa_Tanga
Wakuu salaam. Mdogo wangu wa kiume yuko Uingereza, anasoma uzamili wa afya ya jamii. Januari alikuwa anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, asaimenti ya maneno 3,000 ikamkuta hajaandika hata ukurasa. Akamlipa mtu mtandaoni pauni 180, akaandikiwa, akawasilisha. Amenieleza jana tu, baada ya chuo kumwandikia kwamba Alhamisi ijayo anatakiwa mbele ya walimu wawili "kuzungumzia namna alivyoiandaa kazi hii".

Kinachonisumbua ni hiki: ripoti ya Turnitin, ile programu ya kukagua kunakili, ilitoka asilimia 4. Ameniapia kwamba hakunakiliwa mstari. Sasa wamejuaje? Na mimi kama dada nimshauri nini? Sijaja hapa kumtetea. Amekosea na nimemwambia.

#2 Kipanga255
Pole dada. Turnitin ikiwa chini ya 20 uko salama, hilo kila mwanafunzi analijua. Hapo kuna mwenzake wa darasani kamchoma. Amwulize alimwambia nani.

#3 Babu_Makorora
Vijana mnapenda njia za mkato. Cheti cha kununua hakidumu. Mwaka 2017 watumishi zaidi ya 9,900 walitolewa kazini kwa vyeti vya kughushi, wengine walikuwa wamebakiza miaka michache wastaafu. Huyo arudi nyumbani aanze upya.

#4 Dada_wa_Tanga
Babu shikamoo. Hakununua cheti. Amesajiliwa kihalali, madarasa anahudhuria, mitihani miwili ya mwanzo amefaulu mwenyewe. Ni asaimenti moja aliyoandikiwa na mtu.

#5 Babu_Makorora
Marahaba. Basi nimesoma haraka. Lakini mwisho wake ni uleule, maana asaimenti ndizo zinazozaa cheti.

#6 Mwalimu_wa_Jioni
Nimesahihisha kazi za wanafunzi huku Uskoti miaka tisa, na nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo. Kipanga, hiyo ya asilimia 20 si kweli na imewaponza wengi. Turnitin inalinganisha maneno ya kazi na maneno yaliyomo kwenye hazina yake: tovuti, majarida, kazi za wanafunzi wa zamani. Haijui nani ameandika. Kazi iliyoandikwa upya kwa pesa inaweza kutoka na asilimia 2 na bado ikawa ya mtu mwingine kabisa. Na mwanafunzi aliyeandika mwenyewe, akanukuu vizuri na kuorodhesha marejeo, anaweza kutoka na 18 bila kosa lolote, kwa sababu majina ya makala na istilahi za fani hufanana kwa kila mtu.

Mara nyingi anayeshtuka ni msahihishaji, na kinachomshtua ni kwamba kazi haikukaa darasani. Dada, muulize mdogo wako swali la asaimenti lilisemaje hasa. Nitashangaa sana kama halikutaja kitu kilichofundishwa wiki fulani.

#7 Dada_wa_Tanga
Nimempigia. Swali liliwataka watumie jedwali la takwimu za chanjo walilopewa kwenye semina ya wiki ya tano, walinganishe wilaya mbili, kisha watoe mapendekezo. Aliyemwandikia alitumia takwimu za nchi nzima alizozipata mtandaoni. Jedwali la semina halimo.

#8 Mwalimu_wa_Jioni
Basi kwangu hilo peke yake linatosha kuifungua kazi mara ya pili. Muuzaji hana jedwali la semina, hakusikia mhadhara, hajui kama mwalimu aliwaonya, tuseme, wasichanganye aina mbili za viwango. Anaandika insha nzuri ya jumla. Inasomeka vizuri, Kiingereza kimenyooka, lakini swali lililojibiwa ni pana kuliko lililoulizwa.

Baada ya hapo naangalia marejeo. Nachukua matatu tu. Makala inaanzia ukurasa wa 211 hadi 224, yeye ananukuu ukurasa wa 340. Kitabu cha kozi, ambacho kila mwanafunzi amekinukuu, yeye hana. Kisha nafungua kazi yake ya Novemba niziweke pamoja. Siangalii kama Kiingereza kimepanda, maana watu hujifunza. Naangalia mazoea: anavyoweka mkato, anavyofungua aya, kama anaandika namba kwa tarakimu au kwa maneno. Mazoea hayabadiliki yote ndani ya wiki sita.

Mnaodhani walimu hawaoni, kuna jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2018. Wasahihishaji saba wazoefu walipewa kazi 20 za saikolojia, sita kati yake zimenunuliwa, wakaambiwa mapema kwamba watafute. Walizitambua zilizonunuliwa kwa asilimia 62, na kazi halali waliziacha salama kwa asilimia 96. Kwa hiyo zaidi ya theluthi ya zilizonunuliwa ziliwapita, na hao walikuwa wameshaambiwa watafute.

#9 Kipanga255
Kumbe unakubali theluthi zinapita! Mwalimu umetutangazia biashara hapo.

#10 Mwalimu_wa_Jioni
Soma na asilimia 96, Kipanga. Mimi hiyo ndiyo inayonihusu zaidi, kwa sababu nne zilizobaki ni watoto waliofanya kazi yao wenyewe wakashukiwa. Ndiyo maana kuna kikao. Shaka ya msahihishaji pekee haitoshi kumhukumu mtu.

#11 Fundi_Faili
Mmesahau faili lenyewe. Faili la Word lenye mkia wa .docx ni furushi. Badilisha mkia uwe .zip, lifungue, ndani utakuta folda ya `docProps` yenye mafaili `core.xml` na `app.xml`. Humo mnakaa habari za aina hii (huu ni mfano nimeutunga):

```xml
<dc:creator>Admin-PC7</dc:creator>
<cp:revision>2</cp:revision>
<TotalTime>6</TotalTime>
```

Maana yake faili lilianzishwa kwenye Word iliyosajiliwa kwa jina hilo, likahifadhiwa mara mbili, na muda lililofanyiwa kazi ni dakika sita. Maneno 3,000 kwa dakika sita hakuna binadamu anayeyaandika. Kama mdogo wako alipokea faili akabadilisha jina la juu tu akalituma, kesi imeisha hapo.

#12 Binti_Sengerema
@Fundi_Faili hapo nakupinga kwa kisa changu. Mimi naandika kwenye Google Docs, nikimaliza napakua kama Word. Hilo faili halibebi muda wangu wa kuandika. Kazi zangu zote chuoni zingeonekana zimeandikwa kwa dakika sifuri. Na mwaka wa kwanza sikuwa na kompyuta, nilikuwa naandika kwenye daftari, nikienda kuchapa steshenari. Jina kwenye faili lilikuwa la mwenye duka. Je, na mimi nilinunua?

#13 Fundi_Faili
Hapana, na umenisahihisha vizuri. Hata mtu anayenakili maandishi yake yote kutoka faili la rasimu kwenda faili jipya anaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri. Kwa hiyo dakika sita haithibitishi kitu, inakufanya uulize swali. Ila wewe ungekuwa na jibu: Google Docs inatunza historia ya matoleo, ungefungua ukaonyesha aya zinavyokua siku hadi siku, na daftari lako lipo. Aliyenunua hana cha kufungua.

#14 Mwandishi_Mstaafu
Habari zenu, naandika kutoka Kenya. Kazi hii niliifanya miaka minne nikiwa Juja, kwa hiyo niwaeleze upande wa jikoni.

Oda ya maneno 3,000 kwetu ni kurasa 11, kwa sababu ukurasa mmoja unahesabiwa maneno 275. Mimi sikuwa na akaunti kwenye tovuti. Akaunti ilikuwa ya bosi, naye alikuwa ameinunua kwa mtu mwingine. Bosi alinilipa shilingi 350 kwa ukurasa, jumla 3,850. Mdogo wa dada alilipa pauni 180, ambazo ni zaidi ya shilingi 28,000 za huku. Tofauti hiyo ilienda kwa bosi, kwa tovuti na kwa wanaotafuta wateja. Na kama mteja alilalamika, nilikatwa hata hizo 3,850. Kuna mwezi nilimaliza kurasa 140, bosi akazima simu. Sikulipwa hata senti.

Sasa fikirini. Oda imefika saa mbili usiku, inatakiwa saa kumi na mbili asubuhi, na unazo tatu za namna hiyo. Utasoma makala ngapi? Unasoma muhtasari wa makala, unaandika, ukurasa wa nukuu unaubahatisha. Mwalimu_wa_Jioni ameniumiza na ile ya ukurasa wa 340, kwa sababu nimeifanya. Mada za afya niliandika, sheria niliandika, uhandisi wa maji niliandika. Shahada yangu ni ya uchumi.

Na kuna jambo ambalo wanunuzi hawalijui. Insha moja inauzwa mara mbili, mara tatu. Ukibadilisha utangulizi, mteja wa pili hajui. Wa kwanza akishaiwasilisha Turnitin, ya kwake imeingia hazinani. Wa pili ndiye anayelipuka.

#15 Kipanga255
Lakini ya huyu ilitoka 4. Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza?

#16 Mwandishi_Mstaafu
Huenda. Au ilisukwa upya kwa kubadilisha maneno, ndipo unaona sentensi za ajabu ambazo hakuna mtu wa fani husema. Siwezi kujua bila kuiona.

#17 Dada_wa_Tanga
Asanteni wote, nasoma kila neno. Kuna jambo jipya na limenitoa jasho. Amenieleza leo kwamba muuzaji alimwomba jina la kuingilia na nywila ya mtandao wa chuo "ili achukue vifaa vya somo". Akampa. Na Jumapili huyo mtu amemtumia ujumbe akitaka pauni 400, la sivyo atakiandikia chuo.

#18 Fundi_Faili
Basi mimi nafuta nilichosema kuhusu dakika sita, jibu liko hapa. Mtandao wa masomo wa chuo, Moodle na mifano yake, unaandika kila aliyeingia, saa ngapi, kutoka anwani gani ya intaneti, alifungua ukurasa upi. Mwanafunzi anaonekana yuko Uingereza saa tatu usiku, dakika ishirini baadaye akaunti yake inafunguliwa kutoka nchi nyingine. Hilo halihitaji mtaalamu wa lugha.

#19 Mwandishi_Mstaafu
Ni kweli tulikuwa tunaomba nywila. Lakini kama aliingia, kwa nini hakuchukua jedwali la wiki ya tano?

#20 Fundi_Faili
Swali zuri. Labda bosi ndiye aliyeingia na hakumpa mwandishi. Au waliichukua kwa ajili ya kumtishia tu.

#21 Kipanga255
Au muuzaji ameshakiandikia chuo tayari, na hizo 400 anadai huku ameshamchoma. Mimi bado nasema kuna mtu kasema.

#22 Mwalimu_wa_Jioni
Dada, hili la pauni 400 lina haraka kuliko mjadala wetu. Asilipe. Atakayelipa 400 leo ataombwa 600 mwezi ujao, hata baada ya kuhitimu. Abadilishe nywila sasa hivi, ahifadhi ujumbe wote wa vitisho pamoja na namba na tarehe, asifute hata ule unaomwaibisha. Kumtishia mtu ili atoe pesa ni jinai kule, na ushahidi huo ataukabidhi chuo.

Pili, kabla ya Alhamisi aende kwa mshauri wa chama cha wanafunzi. Vyuo vingi vya Uingereza vina huduma hiyo, bure, na mshauri hafanyi kazi chini ya idara inayomshtaki. Atamsaidia kusoma kanuni za chuo chake, na mara nyingi anaruhusiwa kuingia naye kikaoni. Aombe pia kuonyeshwa ushahidi mapema. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa chuo, ingawa kipimo chake ni kile cha madai, yaani lipi linaelekea zaidi kuwa kweli. Hakifikii kile cha mahakama ya jinai.

#23 Binti_Sengerema
Kikaoni wanauliza nini? Naogopa hata mimi.

#24 Mwalimu_wa_Jioni
Vikao nilivyokaa, hatuanzi na "ulinunua?". Tunasema: tueleze ulivyoanza. Ulitafuta wapi makala? Hii ya tatu kwenye orodha, ulichukua nini kwake? Hapa umeandika kwamba tofauti ya wilaya hizi inatokana na umbali wa kituo cha afya, ulifikaje kwenye hitimisho hilo? Una rasimu?

Wewe uliyeandika kwenye daftari utajibu hata kwa kugugumia. Utasema, "Makala hiyo niliikuta kwenye marejeo ya nyingine, ilinisumbua, nikaacha sehemu ya takwimu." Kugugumia hakutudanganyi, wala lafudhi. Anayeshindwa kueleza kwa nini alichagua kitu, tena kwenye ukurasa ambao umeandikwa kwa uhakika mkubwa, huyo anaonekana.

Lakini niwe mkweli, kikao nacho hukosea. Nimemwona msichana aliyeandika kila neno akanyamaza kabisa kwa woga. Tulimrudisha siku nyingine na mshauri wake pembeni, akaeleza vizuri. Kama tungemalizia siku ile ya kwanza, tungemwonea.

#25 Mzee_wa_Tasnifu
Hayo yapo hata nyumbani, watu wasidhani ni ya Ulaya. Mwaka 2016 nilikuwa namalizia shahada mkoani. Msimamizi wangu alikuwa na wanafunzi wengi mno, sura ya tatu alikaa nayo miezi miwili. Jirani na chuo kulikuwa na steshenari, kijana wa pale akaniambia "riseachi nzima laki mbili na nusu". Nikalipa sura ya nne tu, ya uchambuzi. Siku ya utetezi mtahini akaniuliza swali moja: dodoso zilizorudi ni ngapi? Kwenye sura ya tatu niliandika 86. Majedwali ya sura ya nne yalijumlisha 120. Sikujua hata kama kuna tofauti.

Nilifelishwa, nikarudia mwaka kwa pesa ya shamba la mama. Mwaka huo wa kurudia nilizichambua dodoso zile 86 mwenyewe, kwa mkono, kisha kwa Excel. Ilinichukua siku tisa. Siku tisa tu, wakuu. Bado inaniuma.

#26 Babu_Makorora
Umefanya vema kusema, mwanangu. Na msimamizi aliyekaa na sura miezi miwili, naye aliulizwa?

#27 Mzee_wa_Tasnifu
Hakuulizwa, babu.

#28 Kipanga255
Atafungwa huyo kijana? Nasikia Uingereza ni sheria siku hizi.

#29 Mwalimu_wa_Jioni
Sheria ya mwaka 2022 ya Uingereza, na naongelea England, imefanya kuwa kosa la jinai kuuza huduma hiyo au kuitangaza kwa wanafunzi. Mnunuzi haihusu. Australia walitunga yao mwaka 2020 kwa mtindo huohuo, wanamlenga muuzaji. Mwanafunzi anahukumiwa kwa kanuni za chuo: sifuri ya somo, kurudia, au kufutwa. Kwa aliye na viza ya masomo kufutwa ndiko kunakotisha, kwa sababu chuo kinalazimika kuitaarifu idara ya uhamiaji.

#30 Mwandishi_Mstaafu
Na muuzaji mwenyewe wanamlenga vipi akiwa kwenye chumba cha kupanga Juja na shahada ambayo haijampatia kazi? Bosi hajulikani, tovuti imesajiliwa mbali. Wenzangu hawakuogopa sheria hiyo hata siku moja. Nimeacha kwa sababu ya ile miezi ya kutolipwa, na kwa sababu siku moja niliandika mpango wa huduma wa mwanafunzi wa uuguzi, nikawaza mgonjwa atakayemkuta.

#31 Binti_Sengerema
Hilo la uuguzi limenigusa. Dada, mdogo wako angefanya nini badala yake, mwenye zamu za usiku? Tuache lawama, watu wengine humu wako hapo alipokuwa Januari.

#32 Mwalimu_wa_Jioni
Angeomba muda kabla ya siku ya mwisho. Nasisitiza kabla, kwa sababu ombi la kesho yake lina mlango mwembamba zaidi. Vyuo vingi vina fomu ya mazingira magumu. Ugonjwa, msiba, matatizo ya familia hukubalika. Ratiba ya kazi peke yake mara nyingi haikubaliki, na hapo wanafunzi wetu ndipo wanapokwama, sitawaficha. Lakini kama zamu zimekuharibia usingizi hadi ukaenda kwa daktari, hiyo ni habari nyingine, na barua ya daktari ina uzito.

Asipopewa muda, awasilishe kazi mbovu aliyoiandika mwenyewe. Uzamili kule alama ya kufaulu kwa kawaida ni 50. Akipata 38 atarudia kazi hiyo, na alama ya kurudia kwa kawaida haizidi 50. Kwenye cheti haionekani kama kosa. Kufeli unarudia na kuendelea, ila kosa la udanganyifu linabaki kwenye faili lako la chuo. Na hata kurasa nne zilizoandikwa vibaya angeweza kuzipeleka kituo cha uandishi cha chuo. Hawakuandikii. Wanakaa nawe saa moja wanakuuliza "hapa ulitaka kusema nini?", ukijibu kwa mdomo wanakwambia, haya, andika hivyohivyo.

#33 Kipanga255
Wangapi wanajua hicho kituo kipo? Mimi chuo changu hapa sijawahi kukisikia.

#34 Mzee_wa_Tasnifu
Kwetu hakikuwepo. Kulikuwa na mshauri wa wanafunzi na fomu ya kuahirisha mwaka, basi. Wengi waliona kuahirisha ni aibu kuliko kununua.

#35 Dada_wa_Tanga
Nimerudi wakuu. Kikao kilikuwa jana. Alienda na mshauri wa chama cha wanafunzi. Wiki nzima tulibishana, yeye alitaka kusema alisaidiwa kusahihisha Kiingereza tu, tena aliwaza kutengeneza rasimu za uongo. Nilimwambia akifanya hivyo asinipigie tena. Alikiri mwanzoni kabisa, akawapa ujumbe wa vitisho. Walimwuliza kuhusu nywila kwa muda mrefu kuliko asaimenti yenyewe. Mwalimu mmoja alimwuliza kama angepewa jedwali la wiki ya tano pale angeweza kulisoma. Akalisoma, kwa sauti inayotetemeka, akakosea sehemu moja.

Wamejuaje, hawakumwambia. Walisema tu "kulikuwa na viashiria zaidi ya kimoja". Uamuzi utakuja kwa barua ndani ya siku kumi za kazi.

#36 Kipanga255
Zaidi ya kimoja! Basi na mwenzake wa darasani yumo.

#37 Fundi_Faili
Kwamba waliuliza nywila muda mrefu, mimi nabaki na anwani ya intaneti.

#38 Mwalimu_wa_Jioni
Mimi nabaki na jedwali. Dada, sehemu aliyokosea ni ipi? Kama ni ile ya viwango viwili, mwambie aniandikie faragha. Atalihitaji akipewa kurudia, nami Jumamosi nina nafasi baada ya saa nane.